Lando Amepandisha Renti? Hii Ndiyo Barua ya Kumwandikia Kabla Uhame

Unatoka job jioni, unapata karatasi imebandikwa kwa geti: kuanzia mwezi ujao, bedsita ni ngiri kumi na moja. Wewe umekuwa ukilipa tisa. Kabla uanze kusaka keja ingine, andika barua.

Lakini jua penye umesimama. Sheria ya kudhibiti kodi, Sura ya 296, inalinda nyumba za kuishi zenye kodi haizidi KSh 2,500 kwa mwezi. Bedsita yako ilipita hapo kitambo. Kwa hivyo soma ile karatasi mlisaini ukiingia, uone inasema nini kuhusu kuongeza kodi. Kama hakuna kitu mlisaini, silaha yako ni bei za mtaa.

Hapa ndio wengi huharibu. Wanapiga skrinshoti ya tangazo la keja mtaa mwingine, lando anacheka tu. Tafuta keja tatu za saizi kama yako, barabara hiyo hiyo, na uulize wenye wanaishi hapo wanalipa ngapi kwa ukweli. Pia uliza kama maji na takataka ziko ndani ya hiyo bei. Keja ya 9,500 yenye maji ya soo tano imeingia ndani ni kama ya 9,000 yenye unajilipia maji.

Sasa andika, na Sheng uiache kando:

"Habari yako Mzee. Mimi ni mpangaji wa nyumba nambari B7. Nimeona tangazo la kodi kupanda kutoka 9,000 hadi 11,000. Nimeishi hapa miaka miwili na sijawahi kuchelewesha kodi. Nimeulizia bedsita tatu kwenye barabara yetu: moja ni 9,000, nyingine 9,500, na ya tatu 9,500 pamoja na maji. Kwetu maji tunajilipia. Naomba kujua sababu ya nyongeza hii. Mimi naweza kulipa 9,500 kuanzia mwezi ujao. Naomba unijibu kabla ya tarehe 25."

Kwa nini lando akubali? Piga hesabu yake. Ukihama na keja ikae tupu mwezi mmoja, amepoteza zile 9,500 zako. Mpangaji mpya wa 11,000 anamletea 1,500 zaidi kila mwezi, so itachukua zaidi ya miezi sita kurudisha hiyo hasara. Na hapo hajapaka rangi.

Hii hesabu haishiki kama keja za ploti yenu huchukuliwa siku hiyo hiyo. Ukiona hivyo, usibishane sana.

Weka tarehe kwa barua, baki na kopi, na usiwahi kukataa kulipa renti ndio umshinikize. Ukiwa na deni, mazungumzo yanageuka kuwa ya deni, na zile bei za majirani hakuna mtu atazisoma.