Jinsi wabia wanavyogawana faida yenye riba, mshahara na mafungu yasiyolingana

Chukua mfano wa watu wawili walioanzisha mashine ya kusaga mahindi sokoni. Mmoja, mwenye duka mjini, alitoa mtaji wa Sh600,000. Mwenzake alitoa Sh200,000, lakini ndiye anayefungua asubuhi na kufunga jioni. Waliandikiana kwamba kila mmoja apate riba ya asilimia 10 kwa mwaka juu ya mtaji wake, msimamizi alipwe Sh15,000 kwa mwezi, na faida inayosalia igawanywe tatu kwa mbili, mwenye duka akipata fungu kubwa.

Mwisho wa mwaka, baada ya kulipa stima, kodi ya chumba na mshahara wa mfanyakazi, faida ni Sh400,000. Kosa la kawaida ni kuigawanya pesa hiyo yote tatu kwa mbili papo hapo. Mafungu hayo ni ya kilichosalia tu.

Kwanza huondolewa riba: Sh60,000 ya mwenye duka na Sh20,000 ya msimamizi. Kisha mshahara wa msimamizi wa mwaka mzima, Sh180,000. Zinasalia Sh140,000, ambapo mwenye duka anapata Sh84,000 na msimamizi Sh56,000. Kwa jumla, mwenye duka ana Sh144,000 na msimamizi Sh256,000. Ukijumlisha usipopata Sh400,000, kuna mahali hesabu imepotoka.

Hata hivyo, msimamizi hapewi Sh256,000 taslimu. Ikiwa amekuwa akichukua mshahara wake kila mwezi, anadai Sh76,000 tu. Wala mshahara huo si gharama ya biashara kama stima. Ni sehemu ya faida, na KRA huuhesabu pamoja na riba na fungu lake kama mapato yake.

Mzozo huja mwaka wa ukame, faida ikishuka hadi Sh200,000. Riba na mshahara bado ni Sh260,000, hivyo kuna upungufu wa Sh60,000. Upungufu huo nao hugawanywa tatu kwa mbili: mwenye duka anakatwa Sh36,000 na kubaki na Sh24,000, naye msimamizi anakatwa Sh24,000 na kubaki na Sh176,000. Kwa kuwa alikwisha kuchukua Sh180,000, sasa anadaiwa Sh4,000, ingawa biashara ilipata faida. Wabia wasiotaka hali hiyo huandika mapema kwamba riba au mshahara utalipwa kadiri faida inavyotosha, na kipi kitangulie.

Pasipo makubaliano yoyote, kanuni ya sheria ya ubia ni kwamba faida hugawanywa sawa kwa sawa, bila riba ya mtaji wala mshahara wa mbia. Katika ule mwaka mzuri, kila mmoja angepata Sh200,000, na msimamizi angepoteza Sh56,000 kwa kukosa karatasi moja iliyotiwa sahihi.