Mteja Mkubwa Anayekula Faida

Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga. Lakini iko pia mali inayopotea ndani ya daftari lenyewe, huku kila kitu kimeandikwa na ankara zimepangwa kwa tarehe. Wafanyabiashara wengi huandika nani kanunua nini na kwa kiasi gani, kisha gharama wanaziandika mahali pengine: nauli ya gari ukurasa huu, makato ya simu na benki ukurasa ule. Mwisho wa mwezi jumla inaonyesha faida. Haionyeshi kwamba faida hiyo imeletwa na wateja fulani, na wengine wameipunguza.

Dawa yake ni kuipima kila ankara peke yake. Tuchukue mfano wa muuzaji wa jumla wa Kariakoo, Dar es Salaam, anayeuza sabuni, karatasi za chooni na dawa za usafi. Kila bidhaa ya Sh 100 kwenye orodha yake ya bei, yeye ameinunua kwa Sh 80. Ana wateja wawili tunaotaka kuwalinganisha.

Wa kwanza ni hoteli ya Mbezi Beach. Inaagiza mara mbili kwa wiki mzigo wenye bei ya orodha Sh 400,000 kabla ya VAT. Kwa kuwa ni mteja mkubwa, imepewa punguzo la asilimia 10, hivyo ankara inasoma Sh 360,000. Mzigo wenyewe ulinunuliwa kwa Sh 320,000, kwa hiyo zimebaki Sh 40,000. Angalia punguzo lilivyofanya kazi: ni asilimia 10 ya bei, lakini limekata nusu ya faida, maana faida nzima ilikuwa Sh 80,000.

Kirikuu ya kupeleka mzigo Mbezi ni Sh 25,000 na kuli anachukua Sh 3,000. Zimebaki Sh 12,000. Hoteli inalipa kwa lipa namba, na tuseme makato kwa muuzaji ni asilimia 1.5. Hapa wengi hukosea hesabu, kwa sababu makato hayakatwi kwenye Sh 360,000. Yanakatwa kwenye kiasi chote kilicholipwa, pamoja na VAT ya asilimia 18 ambayo si mali ya muuzaji, yaani Sh 424,800. Makato ni Sh 6,372. Kilichobaki mkononi ni Sh 5,628, ambayo ni kama asilimia 1.6 ya ankara.

Mteja wa pili ana duka Buguruni. Ananunua mzigo wa Sh 250,000, hapati punguzo, na anakuja na guta lake kuuchukua. Mzigo wake ulinunuliwa kwa Sh 200,000. Naye analipa kwa lipa namba, kwa hiyo makato kwenye Sh 295,000 pamoja na VAT ni Sh 4,425. Muuzaji anabaki na Sh 45,575. Mwenye duka, ambaye huenda hakumbukwi hata jina, anaacha mara nane ya kile inachoacha hoteli.

Tena hoteli tumeihesabia siku njema. Siku ambayo katoni kadhaa hazikuwepo ghalani na kirikuu ikarudi kesho yake kuzipeleka, Sh 28,000 nyingine zimetoka na ankara imeingia hasara ya zaidi ya Sh 22,000. Kwa hiyo usafiri uandikwe kwa safari zilizofanyika, si mara moja kwa kila ankara. Vivyo hivyo katoni ya bure na bonasi ya mwisho wa mwezi: hazionekani kwenye ankara, lakini ni punguzo, na lazima zirudishwe kwenye hesabu ya mteja aliyezipata.

Gari likibeba mizigo ya wateja kadhaa, gharama igawanywe vipi? Njia rahisi ni kugawa kwa thamani ya mzigo, nayo inadanganya. Mwenye mzigo mdogo aliyeko mwisho wa barabara ataonekana nafuu, na mwenye mzigo mkubwa wa njiani atambebea gharama. Afadhali ujiulize: kama mteja huyu asingekuwepo, safari ingepungua kiasi gani? Gari likipinda kwa ajili yake peke yake, nyongeza hiyo ni yake. Na kama gari ni lako, usihesabu mafuta tu. Dereva, matairi na matengenezo vimo pia.

Kwenye Excel kazi hii haihitaji utaalamu. Safu B iwe jina la mteja, C bei ya orodha, D punguzo, E gharama ya kununulia, F usafiri na G makato, zote bila VAT isipokuwa makato, ambayo unaandika kama yalivyokatwa. Safu H inatoa kilichobaki. Mstari wa pili hapa chini unatoa kiwango cha faida cha mteja mmoja kwa ankara zake zote:

```
=C2-D2-E2-F2-G2
=SUMIF(B:B,"Hoteli",H:H)/(SUMIF(B:B,"Hoteli",C:C)-SUMIF(B:B,"Hoteli",D:D))
```

Fomula ya pili inagawa jumla kwa jumla, na kuna sababu. Mteja mwenye ankara ya Sh 1,000,000 iliyoacha asilimia 2, na nyingine ya Sh 50,000 iliyoacha asilimia 20, ukichukua wastani wa asilimia hizo utasema anaacha 11. Ukweli ni kwamba ameacha Sh 30,000 kwenye mauzo ya Sh 1,050,000, ambayo haifiki asilimia 3.

Baada ya hapo, usikimbilie kumfukuza mteja. Tafuta kwanza ni mstari upi unaomla. Kwa hoteli yetu mahali pa kuanzia ni safari mbili za kila wiki. Ikikubali kuagiza mara moja mzigo wa Sh 800,000, na kirikuu moja ikautosha, punguzo likabaki lilelile, muuzaji anabaki na Sh 39,256. Kwa safari mbili alikuwa anabaki na Sh 11,256. Tofauti ni Sh 28,000, gharama ya safari moja.

Hesabu hiyohiyo inampa kiwango cha chini cha oda. Baada ya punguzo, bei ya kununulia na makato, kila Sh 100 ya bei ya orodha inamwachia kama Sh 8.40 za kulipia usafiri wa Sh 28,000. Oda ya kwenda Mbezi iliyo chini ya takriban Sh 333,000 ni hasara kabla gari halijawashwa. Chini ya hapo, ama hoteli ilipe usafiri kama mstari wake kwenye ankara, ama punguzo lisitolewe. Punguzo lenyewe lingefaa kufungwa kwenye ukubwa wa oda moja, kwa kuwa ukubwa wa oda ndio unaookoa nauli. Jumla ya manunuzi ya mwezi haiokoi.

Kodi ya ghala na mishahara ya ofisi hatukuzigusa, kwa sababu zingelipwa hata ankara hii isingekuwepo. Kilichobaki kwenye kila ankara ndicho kinachokwenda kuzilipia. Ndiyo maana mteja anayeacha asilimia 1.6 anaweza kuvumiliwa wakati ghala lina nafasi na watu hawana kazi. Ghala likijaa, na kila saa ya kupakia mzigo wake ikawa imeondolewa kwa mwenye duka wa Buguruni, hoteli ipewe masharti mapya. Ikiyakataa, iachwe inunue kwingine.