Shefu Anapomtukana Sentineli Mbele Yako

Katika biro nyingi za miji yetu, kuanzia Bunia mpaka Uvira, kuna watu watatu ambao kila mtu anawaona lakini majina yao hayajulikani: sentineli wa langoni, mama wa usafi na shofere. Shefu anamwambia mhasibu "vous", halafu anageuka na kumwambia "tu" mama wa usafi aliye na umri wa mama yake mzazi. Anamwita shofere kwa kupiga vidole. Anapita na viatu vya matope juu ya sakafu ambayo bado ina maji, kisha anauliza kwa nini ni chafu. Waumini wetu wengi hufanya kazi katika biro hizo, na swali wanalotuletea ni moja: mimi niliyeona, nifanye nini?

Kwanza tutofautishe kukaripia na kutukana, maana kila shefu hujitetea kwamba alikuwa anarekebisha tu. Kurekebisha husema juu ya kazi: lango lilibaki wazi usiku, gari halikuwekwa mafuta. Kutukana husema juu ya mtu: mjinga, mshamba, nani alikuzaa. Kuna kipimo chepesi. Jiulize kama shefu angetumia maneno yaleyale, kwa sauti ileile, kwa mhasibu aliyekosea hesabu. Kama hangeweza, basi kosa la kazi si sababu ya maneno yale. Sababu ni kwamba huyu wa chini hawezi kujibu.

Na kwa nini hawezi kujibu? Wengi husema ni uoga. Mimi naona ni kontra. Sentineli wengi hawakuajiriwa na biro wanayoilinda. Wameajiriwa na kompani ya ulinzi, na kompani hiyo inalipwa na biro. Shefu akipiga simu moja tu na kusema "huyu simtaki," kesho yake kunakuja mwingine, bila barua wala maelezo. Kompani haitaki kupoteza mteja kwa ajili ya mlinzi mmoja. Mama wa usafi naye mara nyingi ni wa kibarua cha siku kwa siku. Kwa hiyo yule anayetaka kuwatetea ajue jambo hili mapema: maneno yake mazuri yanaweza kumfukuzisha kazi mtu ambaye hakumwomba atetewe.

Chukua mfano wa dada mmoja muumini, mhasibu katika biro ya shirika fulani. Asubuhi moja alikuwa ndani ya gari pamoja na shefu wake. Walifika langoni, na sentineli hakufungua mara moja. Alikuwa anafanya kama kitabu cha usalama cha biro hiyo kinavyoagiza: kuangalia chini ya gari kwa kioo, kuandika namba ya gari na saa ya kuingia. Shefu alipiga honi mara nne, akateremsha kioo, akamwita mjinga na mnyama mbele ya wafanyakazi waliokuwa wanaingia, akaahidi kupigia kompani simu. Sentineli yule ni mzee, baba wa familia. Alifungua lango, akapiga saluti.

Dada huyu hakubishana na shefu palepale. Mtu mwenye hasira akisahihishwa mbele ya watu huwa anatafuta wa kulipia, na wa kulipia alikuwa tayari amesimama langoni. Alisema tu, "Shefu, wageni wa saa tatu wamefika, wako katika chumba cha mkutano." Ilikuwa kweli, na ilimtoa shefu pale. Kisha alipoteremka alimsalimia mlinzi kwa sauti ya kawaida, watu wakisikia: "Papa, habari ya zamu? Asante kwa kazi." Salamu hiyo ilimwambia kila aliyesimama pale kwamba mzee huyu bado ni mtu wa kuheshimiwa, na hakuna shefu anayeweza kumshitaki mtu kwa kusalimia.

Saa za mchana alimtafuta, si langoni ambako wote wanapita, bali nyuma, karibu na jenereta. Alimuuliza mambo mawili: unataka niseme kitu, na kuna jambo ambalo hutaki niseme? Mzee akajibu, "Mama, usiandike barua. Kompani watanihamisha posti ya mbali. Lakini kama unaweza, umwambie kwamba nilikuwa nafuata sheria yao wenyewe." Hapa ndipo mashahidi wengi hukosea. Wanaamua peke yao haki inataka nini, wanapeleka barua kubwa, na mwenye kutukanwa anaisikia habari hiyo siku ya kunyang'anywa koti ya kazi. Aliyetukanwa ndiye anayejua bei ya kila hatua, kwa sababu ndiye atakayeilipa.

Jioni dada yule aliandika katika kijitabu chake tarehe, saa, maneno yenyewe bila kupunguza wala kuongeza, na waliokuwapo. Hakupiga picha, hakurusha sauti katika WhatsApp. Video ya namna hiyo inazunguka mji mzima kwa siku moja, na uso unaoonekana zaidi ni wa yule aliyedhalilishwa. Niseme pia, ndugu, kwamba kulileta jambo hilo katika kikundi cha maombi pamoja na jina la biro na la mlinzi ni njia ileile, ila imevaa nguo za kanisa.

Kesho yake aliomba dakika tano kwa shefu, mlango ukiwa umefungwa. Alikuwa amepanga maneno yake yawe machache. "Shefu, jana langoni mlimwita papa wa ulinzi mnyama. Alikuwa anaandika namba ya gari kama kitabu chetu kinavyosema. Naogopa kwamba sasa atafungua kwa kila gari linalopiga honi kwa nguvu, na siku moja litakuwa si la kwetu. Naomba mumwambie kwamba alifanya vizuri." Angalieni alivyojenga neno lake: aliloliona, kinachoweza kufuata, anachoomba. Hakusema "mna tabia mbaya," maana juu ya tabia wangebishana mpaka jioni. Na hakusema kwamba mzee amelalamika.

Shefu alijibu kama wanavyojibu wengi: "Hao watu wasipokemewa hawafanyi kazi." Dada akanyamaza kidogo, akauliza, "Basi tubadilishe kitabu cha usalama?" Shefu hakujibu. Hakuomba msamaha mbele ya watu. Ila siku zilizofuata honi ilipungua, na asubuhi moja alisikika akisema "bonjour" langoni. Wengine wataona ni kidogo. Kwa mtu anayesimama kwenye lango lile saa 12 kila zamu, si kidogo.

Hatua iliyonifurahisha zaidi ni nyingine. Dada alimwomba mkuu wa wafanyakazi aandike barua fupi kwa kompani ya ulinzi kwamba mlinzi wa zamu ile anafuata vizuri maagizo ya usalama. Barua ya sifa ikiwa ndani ya dosie, simu ya hasira peke yake inakuwa ngumu kutosha kumwondoa. Haikumtaja shefu, haikutaja matusi, na mzee mwenyewe aliikubali kabla haijatumwa.

Sheria nayo inasema nini? Kodi ya Kazi ya nchi yetu, yaani sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamdai mwajiri amtendee mfanyakazi kwa heshima ya utu wake. Inahesabu matusi mazito, vitisho na kupiga, vikifanywa na mwajiri au mtu aliyemweka kusimamia, kuwa kosa zito, ambalo mfanyakazi anaweza kuvunja kontra kwa ajili yake. Lakini lazima aandike barua ndani ya siku 15 za kazi tangu ajue jambo hilo. Anayeacha kazi kwa hasira bila barua anajiweka katika hali mbaya. Kabla ya kufika mahakamani, mabishano hupita kwanza kwa inspekta wa kazi, ambaye hujaribu kuwapatanisha. Na kibarua ajue hili: aliyekwisha kufanya siku 22 katika muda wa miezi miwili, akichukuliwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, kontra yake mpya inahesabiwa kuwa ya muda usio na mwisho. Mama wa usafi anayeambiwa kila siku "wewe si mfanyakazi wetu" anaweza kuwa ni mfanyakazi wao kabisa.

Njia hii ina mpaka wake kwa sentineli. Shefu aliyemtukana si mwajiri wake, basi ni vigumu zaidi kulitumia neno la Kodi dhidi yake moja kwa moja. Ndiyo maana kijitabu cha shahidi, na njia ya malalamiko ya biro yenyewe, vina uzito kwake kuliko mahakama. Na ikiwa mkono umeinuliwa, tusibaki katika mazungumzo ya dakika tano. Mtu apelekwe kwa daktari siku ileile, na karatasi ya daktari ihifadhiwe.

Wako wanaouliza kama ni haki kumzunguka shefu na kupeleka neno kwa mwingine. Soma 1 Samweli 25. Nabali aliwatukana wajumbe wa Daudi, na mmoja wa watumishi wake alisikia. Mtumishi huyo hakumkabili Nabali, kwa kuwa alijua bwana wake haambiliki. Alikwenda kwa Abigaili, aliyekuwa na uwezo wa kutenda, akamweleza yaliyosemwa, wema ambao watu wa Daudi waliwatendea kule malishoni, na hatari inayokuja. Tunamsifu sana Abigaili katika mahubiri, na tunamsahau kijana huyu ambaye Biblia haikumpa jina.

Hilo ndilo lililomsaidia dada yetu baadaye, maana wiki chache zilipita na shefu akamtukana shofere njiani, kwa sababu alikataa kukimbiza gari kwenye barabara ya matope. Shofere anayefokewa hushika usukani vibaya, na wote waliokuwa ndani walilijua hilo. Safari hii mashahidi walikuwa wawili. Walimuuliza shofere kwanza, naye akasema, "Mimi nina kontra ya biro, andikeni." Waliandika ukurasa mmoja wenye tarehe mbili, ile ya langoni bila jina la mlinzi na hii ya barabarani, wakaupeleka kwa mkuu wa shefu huyo, wakatia sahihi wote watatu. Shefu aliitwa. Shofere bado anaendesha, na sasa katika safari ndefu gari husimama saa sita ili naye ale.