Miguu Imevimba, Jibu Liko Shingoni

Mwanamume wa miaka 58, dereva wa lori aliyestaafu, amekaa ukingoni mwa kitanda cha wodi. Ana malalamiko mawili. Jioni miguu humvimba hata viatu vikakataa kuingia, na usiku akilala chali pumzi hubana, ikambidi aongeze mito. Mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa kwanza anamwamkia shikamoo, anajitambulisha, ananawa mikono, kisha anainama moja kwa moja kuitazama ile miguu. Mkufunzi anamzuia. "Anzia kichwani. Miguu utaikuta hapo hapo."

Mgonjwa huyu ni wa mfano, lakini wodi za watu wazima zina wengi wa namna yake, na wakufunzi hupenda kufundishia kwao kwa sababu moja: miguu iliyovimba yote miwili haisemi kilichoivimbisha. Inaweza kuwa ni moyo ulioshindwa kusukuma damu, figo zinazovujisha protini kwenye mkojo, au ini lililoharibika likawa gumu. Ukibonyeza miguu ya wagonjwa watatu wa maradhi hayo, vidole vyako huenda visitambue tofauti yoyote. Tofauti imetawanyika usoni, shingoni, kifuani na tumboni, na anayekwenda kwa mpangilio kutoka utosini hadi unyayoni huikusanya njiani.

Mpangilio huo una faida nyingine za kawaida kabisa. Hakuna kiungo kinachorukwa, mgonjwa hageuzwi-geuzwi, na hufunuliwa sehemu moja tu kwa wakati huku nyingine zikisitiriwa. Huachwa pale tu mgonjwa anapokuwa mahututi. Hapo hutangulizwa njia ya hewa, upumuaji na mzunguko wa damu, na mengine husubiri.

Vipimo vya awali huchukuliwa kabla ya kumgusa kichwa. Mtu mzima aliyetulia huwa na joto la nyuzi 36.5 hadi 37.5, mapigo ya moyo 60 hadi 100 kwa dakika, na pumzi 12 hadi 20. Dereva wetu ana joto la 36.8, mapigo 104, pumzi 26, na presha ya 158 kwa 94. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinasoma asilimia 93, ilhali kwa kawaida kingesoma 95 au zaidi. Katika hivi vyote, pumzi ndicho kipimo kinachoharibiwa zaidi na wanafunzi. Mtu akiambiwa anahesabiwa pumzi, huanza kupumua kwa mpango wake mwenyewe. Mkufunzi anamwonyesha mwanafunzi aendelee kumshika mgonjwa kifundo cha mkono kana kwamba bado anahesabu mapigo, huku macho yakifuata kifua kinavyopanda na kushuka kwa dakika nzima.

Kile kifaa cha kidoleni nacho hakipaswi kuaminiwa peke yake. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, waliripoti kuwa kwa wagonjwa Weusi kilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wagonjwa Weupe. Kwa hiyo mwanafunzi anamwomba mgonjwa atoe ulimi na kugeuza mdomo wa chini. Kwenye ngozi nyeusi, rangi ya bluu ya kukosa oksijeni huonekana mapema ulimini na ndani ya midomo kuliko usoni. Ufizi wenye weusi wa asili si ugonjwa.

Usoni, macho ndiyo yenye maelezo mengi. Mwanafunzi anavuta kope la chini polepole. Ndani kukiwa na wekundu wa waridi, ni kawaida. Kukiwa kumepauka, upungufu wa damu unafikiriwa, na viganja hutazamwa kwa kulinganisha. Weupe wa jicho hukaguliwa kwa mwanga wa mchana karibu na dirisha, kwa kuwa taa za wodi huficha umanjano. Watu wengi weusi wana madoa ya kahawia kwenye weupe huo, na hayo ni ya kawaida. Manjano ya ini huenea sawasawa jicho zima.

Dereva hana manjano, na kope zake hazijavimba. Kutovimba huko nako kunaandikwa. Mgonjwa wa figo zinazovujisha protini mara nyingi huamka na uso uliojaa, hasa kuzunguka macho.

Sasa shingo. Bomba la hewa liko katikati, na hakuna rovu wala matezi yaliyovimba. Hatua inayofuata ndiyo wanafunzi wengi huipita haraka. Mgonjwa anaegemezwa kitandani kwa pembe ya nyuzi 45, kichwa kimelegea juu ya mto na kugeuzwa kidogo kushoto. Mwanafunzi anatazama upande wa kulia wa shingo na kutafuta mpapatiko laini wa mshipa unaorudisha damu moyoni. Mshipa huu hauna mlango unaoutenga na chumba cha juu cha moyo upande wa kulia, hivyo damu inaposimama ndani yake huonyesha shinikizo lililomo chumbani humo.

Kosa la kwanza ni kuuchanganya na mshipa mkubwa wa damu itokayo moyoni, uliopo jirani. Huo wa pili hudunda kwa nguvu na hugusika. Ule unaotafutwa hupapatika mara mbili kwa kila pigo, hausikiki kwa kidole, hutoweka ukibonyezwa kidogo juu ya mtulinga, na hushuka mgonjwa akiinuliwa. Kosa la pili ni kumtazama mgonjwa akiwa amelala kabisa, ambapo hata mtu mzima wa afya mshipa wake hujaa. La tatu ni hatari: mishipa mikubwa ya pande zote mbili haibonyezwi kwa pamoja, maana ndiyo inayolisha ubongo damu.

Kisha huja kupima. Mfupa wa kidari una kifundo kidogo kinachopapasika pale ubavu wa pili unapoungana nao. Rula husimamishwa wima juu ya kifundo hicho, na kitu kilichonyooka huwekwa kwa ulalo kutoka pale mpapatiko unapoishia hadi kwenye rula. Hadi sentimita 3 hivi ni kawaida. Kwa dereva ni 7.

Namba hii inabadilisha mwelekeo wa uchunguzi mzima. Ugonjwa wa ini au wa figo unaweza kuvimbisha miguu huku shingo ikiwa kawaida. Shingo ikijaa namna hii, moyo unakuwa mshukiwa wa kwanza, na mwanafunzi anateremka kifuani akijua anachokitafuta, bila kuacha kutazama mengine.

Kiganja chake kinawekwa upande wa kushoto wa kifua kutafuta mahali ncha ya moyo inapogonga. Kwa kawaida ni kati ya ubavu wa tano na wa sita, kwenye mstari unaoshuka kutoka katikati ya mtulinga, na eneo lenyewe ni dogo. Kwa dereva imesogea chini na kuelekea kwapani, na inagonga eneo pana, ishara ya moyo uliotanuka. Stetoskopu inawekwa juu ya ngozi tupu, kamwe si juu ya shati, kwa sababu msuguano wa nguo hutoa sauti inayofanana na ya ugonjwa. Mapafu husikilizwa mgongoni kwa kulinganisha kulia na kushoto, kutoka juu kwenda chini. Juu, hewa inaingia laini. Chini pande zote mbili panasikika mchakato mwembamba kila anapovuta pumzi. Mwanafunzi anamwomba akohoe kwanza, maana sauti ya makohozi huweza kuhama au kuisha. Hii inabaki.

Kabla ya kuacha mgongo, anagonga. Kidole cha kati cha mkono mmoja kinalazwa ubavuni na kugongwa kwa ncha ya kidole cha mkono wa pili. Daktari Leopold Auenbrugger, mtoto wa mwenye nyumba ya wageni mjini Graz, ndiye aliyechapisha kitabu kuhusu kugonga kifua mwaka 1761 huko Vienna. Pafu lenye hewa hutoa mlio wa uwazi. Maji yakijaa nje ya pafu, mlio hufa. Kwa dereva mlio ni wa kawaida.

Tumboni utaratibu hugeuka. Sehemu nyingine hutazamwa, hupapaswa, hugongwa, kisha husikilizwa. Tumbo hutazamwa, kisha husikilizwa kwanza, likafuata kugonga na mwisho kupapasa. Sababu ni kuwa mkono unaokoroga utumbo unaweza kubadilisha sauti zake, na ukimuuma mgonjwa, atakaza misuli na usipate kitu tena. Sauti za utumbo huja bila mpangilio, takriban 5 hadi 30 kwa dakika, na hakuna anayeruhusiwa kuandika kwamba hazipo kabla ya kusikiliza dakika 5 kamili.

Kupapasa huanzia chini na kupanda. Bandama, ambayo katika maeneo yenye malaria nyingi huweza kukua sana, hukua kutoka chini ya mbavu za kushoto kuelekea kinena cha kulia. Mwanafunzi anayeanzia karibu na mbavu huweza kuukalisha mkono juu ya bandama yenyewe na kuukosa ukingo wake. Ya dereva haipapasiki. Ini linafikika sentimita 3 chini ya mbavu za kulia, ukingo wake ni laini, na anakunja uso linapobonyezwa. Ini lililojaa damu iliyokwama huuma hivyo. Ini lililoharibika muda mrefu mara nyingi huwa gumu lenye vinundu, na mara nyingine husinyaa lisipapasike kabisa.

Hatimaye miguu. Kidole gumba kinabonyeza juu ya mfupa wa muundi kwa sekunde 5 kamili. Bonyezo la kupita huachia ngozi irudi kabla kishimo hakijaonekana. Kishimo kinabaki, na uvimbe umefika chini kidogo ya magoti pande zote mbili. Ungekuwa mguu mmoja tu, wenye joto na maumivu, ingefikiriwa damu iliyoganda mshipani: mguu huo hausuguliwi, na taarifa hutolewa haraka. Kwa mgonjwa asiyeinuka kitandani, maji hukusanyika chini ya mgongo juu ya makalio, na huko ndiko pa kubonyeza.

Kwenye faili, mwanafunzi anaandika "moyo umeshindwa kazi." Mkufunzi anaikata kalamu. Kinachotakiwa ni alichokiona: mshipa wa shingo sentimita 7 kwa pembe ya nyuzi 45, ncha ya moyo imehamia kushoto, mchakato chini ya mapafu yote mawili, ini sentimita 3 lenye maumivu, uvimbe unaoacha kishimo hadi chini ya magoti. Daktari akisoma orodha hiyo ataagiza picha ya kifua, kipimo cha umeme wa moyo na kile cha mawimbi ya sauti, pamoja na mkojo kupimwa protini, kwa sababu magonjwa mawili huweza kukaa kwa mtu mmoja. Mwanafunzi amebakiwa na kazi mbili kabla ya kwenda chakula cha mchana: kumpima dereva uzito ili kesho ulinganishwe, na kuwaambia wauguzi wa zamu kwamba anapumua mara 26 kwa dakika, asilazwe chali.