KUMKARIBISHA KAZINI MTUMISHI ALIYETOKA MSIBANI

Katika ofisi nyingi za Unguja na Pemba, mtumishi aliyefiwa hupewa rambirambi kwa wingi siku ya maziko na siku za khitma. Linalosahauliwa ni siku ile anaporudi kwenye meza yake. Ama hakuna anayesema neno, naye akadhani wenzake wamemsahau. Ama kila anayepita husimama na kumuuliza, hata kufika saa nne amekwisha kuusimulia msiba wake mara tano. Maelezo haya yanahusu namna ya kuandika ujumbe mfupi wa kumkaribisha, usiomlazimisha kuzungumzia yaliyomfika.

Mjane Mwislamu hukaa eda miezi minne na siku kumi, na miezi hiyo ni ya mwandamo. Kwa hesabu ya siku huwa ni kiasi cha siku 128, pungufu kidogo ya vile ambavyo wengi huhesabu kwa kalenda ya ofisini. Ikiwa ana mimba, eda yake humalizika anapojifungua. Kwa sababu hiyo mkuu wa sehemu asikisie tarehe ya kurudi wala asimtumie mtu kwenda kumhoji. Mtumishi mwenzake wa kike aliye karibu na nyumba ile ataijua bila ya kuuliza mara mbili.

Tuseme karani wa masjala katika idara moja ya Serikali huko Chake Chake alifiwa na mumewe mapema mwezi wa Machi. Atarudi katikati ya Julai. Rambirambi alizipokea Machi, na akazijibu. Barua ya Julai ikiwa ni rambirambi tupu, itamrudisha nyumbani kwenye mkeka wa msiba siku ile ile aliyojikaza kutoka. Kwa upande mwengine, mwaka mpya wa fedha wa Serikali umeanza tarehe 1 Julai naye hakuwepo. Yamefunguliwa majalada mapya asiyoyajua, na pengine ufunguo wa kabati anao mtu mwengine. Hayo ndiyo atakayokuwa akiyawaza asubuhi ile akiwa garini, na ndiyo yanayofaa kuchukua sehemu kubwa ya ujumbe. Kwa mwanamme aliyefiwa na mkewe mambo ni kinyume: yeye hana eda, pengine hurudi baada ya siku chache tu, na kwake pole hutangulia na habari za kazi huja baadaye.

Barua ya karani huyo inaweza kuandikwa hivi:

"Bibi ............,
Assalaam alaykum. Karibu tena kazini. Pole kwa msiba. Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu na akupe subira.
Meza yako ipo pale pale. Daftari la barua zinazoingia limeandikwa hadi jana na mwenzako aliyekushikia nafasi, na ufunguo wa kabati atakukabidhi yeye. Majalada yaliyofunguliwa tangu tarehe 1 Julai yamo katika rafu ya chini, na orodha yake imo katika droo yako. Wiki hii mtafanya kazi pamoja, na hakuna kikao unachotakiwa kuhudhuria.
Ukihitaji ruhusa kwa shughuli zinazohusu msiba, inatosha kumwarifu mkuu wa sehemu. Barua hii haihitaji jibu."

Msiba umetajwa kwa sentensi moja tu, lakini umetajwa. Kuuruka kabisa kungekuwa ni kumfanya kama aliyetoka likizo ya kawaida. Neno "pole" lina faida ambayo haifikiriwi sana: jibu lake ni "nimeshapoa" au "ahsante", na mazungumzo hufungika hapo bila ya yeyote kuvunjiwa heshima. Ndivyo ilivyo pia kwa "hujambo", kwani anayeulizwa hujibu "sijambo" hata kama usiku kucha hakulala, na hakuna atakayemwambia kuwa amesema uongo. Maneno ya kuchelea ni "unaendeleaje sasa?", "alikuwa anaumwa nini hasa?" na "watoto wameachwa wangapi?" Haya hayana jibu fupi.

Sentensi ya mwisho isiachwe. Mtumishi wa Serikali amezoea kuwa kila barua ina jibu lake, na asipoambiwa hivyo ataketi kutafuta maneno ya kuwashukuru wakubwa wake. Kwa mtumishi wa dini nyengine, salamu na dua huandikwa kwa mujibu wa dini yake, yaliyobaki hayabadiliki.

Rasimu nyingi huharibika kwa nia njema. Anayeandika "kazi zako zilitulemea sana ulipokuwa haupo" hudhani anamsifu, kumbe amemtia deni. Asiyewahi kwenda mazikoni hutaka kujieleza: gari iliharibika, boti iliahirishwa. Udhuru huo humlazimisha mfiwa kumliwaza aliyemkosea, na afadhali usemwe siku nyengine, kwa mdomo. Mchango uliokusanywa ofisini nao usitajwe humo. Upelekwe peke yake pamoja na orodha. Na yasiwepo maneno juu ya sura au mavazi. Mwanamke aliyekaa miezi minne bila ya mapambo wala manukato, akiambiwa asubuhi ya kwanza kuwa leo amependeza, ataona kama kwamba watu wanampima huzuni yake.

Barua itiwe saini na mtu mmoja, iwekwe ndani ya bahasha iliyofungwa, na aikute mezani kabla wenzake hawajafika. Isibandikwe ubaoni, wala isitumwe katika kundi la simu la ofisi, ambako watu thelathini watajibu nyuma yake na yeye aone lazima awajibu wote. Nakala haitiwi katika jalada lake la utumishi. Humo huingia ile barua rasmi ya kuripoti kazini tu.

Yapo mambo mawili ambayo barua nzuri haiwezi kuyatengeneza ikiwa ofisi imeyaacha. La kwanza ni tangazo la tanzia. Hubandikwa siku ya msiba na mara nyingi hakuna mwenye wajibu wa kulibandua. Karani akirudi Julai, jina la mumewe bado linaning'inia mlangoni kwa pini moja, karatasi imegeuka manjano. Libanduliwe kabla. La pili humhusu zaidi mtu wa masjala. Ikiwa marehemu naye alikuwa mtumishi wa Serikali, jalada lake huendelea kuzunguka kwa ajili ya mafao, na barua kutoka Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar au Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana zinaweza kupitia katika mikono yake mwenyewe. Si vyema afungue bahasha ya kazini akute humo hesabu za mirathi ya mumewe. Mkuu wa masjala aagize jalada hilo lishughulikiwe na karani mwengine, na amweleze mhusika kwa faragha kuwa amefanya hivyo, ili asije akadhani anafichwa haki yake.

Ikitokea kuwa mwenyewe ameanza kuzungumza, asikilizwe mpaka amalize. Aliye karibu naye asimkatize kwa kusimulia msiba wake wa zamani. Na akinyamaza wiki nzima, akawa anapenda kupanga majalada ya zamani katika chumba cha nyuma kuliko kukaa dirishani, aachiwe kazi hiyo kwa siku hizo. Dirishani na akae mwenzake.