Kadi yako ya kliniki inasema Rh hasi? Fahamu saa 72 baada ya kujifungua

Unapohudhuria kliniki ya wajawazito kwa mara ya kwanza, utatolewa damu kidogo kwa ajili ya vipimo kadhaa. Pamoja na wingi wa damu, VVU na kaswende, maabara huangalia kundi lako la damu. Jibu huandikwa kwenye kadi kwa sehemu mbili: herufi, yaani A, B, AB au O, kisha alama ya Rh, ambayo ni chanya (+) au hasi (−). Akina mama wengi huikumbuka herufi na kuisahau alama. Ukiwa na Rh hasi, alama hiyo ndiyo inayohitaji kufuatiliwa zaidi.

Rh hasi maana yake nini?

Seli nyekundu za damu za watu wengi zina protini iitwayo D. Mwenye protini hiyo ni Rh chanya, na asiye nayo ni Rh hasi. Maabara huchanganya tone la damu yako na tone la dawa ya kupimia. Seli zikishikana na kufanya chembechembe, wewe ni chanya. Zisiposhikana, wewe ni hasi.

Katika Afrika Mashariki wenye Rh hasi ni wachache, chini ya watu 10 kati ya 100. Si ugonjwa, na hakukuzuii kushika mimba. Ni hali ya kurithi, kama ulivyorithi urefu wako.

Tatizo huanzia wapi?

Kama wewe ni hasi na baba wa mtoto ni chanya, mtoto anaweza kurithi Rh chanya ya baba. Wakati wa ujauzito damu ya mama na ya mtoto hazichanganyiki kwa kawaida, kwa sababu kondo la nyuma huzitenganisha. Lakini wakati wa kujifungua, kondo linapobanduka, damu kidogo ya mtoto huweza kuingia kwenye mishipa ya mama.

Mwili wako haujawahi kuiona protini D, hivyo huichukulia kama mgeni na huanza kutengeneza kingamwili za kuishambulia. Kazi hiyo huchukua wiki kadhaa, na kwa wakati huo mtoto ameshazaliwa. Ndiyo maana mtoto wa kwanza mara nyingi huwa salama.

Shida ni kwamba kingamwili hizo hazisahau. Mimba inayofuata ikiwa ya mtoto mwenye Rh chanya, zinapita kwenye kondo na kuvunja seli nyekundu zake. Mtoto anaweza kuishiwa damu na kuvimba mwili akiwa bado tumboni, kufia tumboni, au kuzaliwa akiwa na manjano makali yanayoweza kudhuru ubongo. Bila kinga, hali hii huweza kurudi mimba hadi mimba, na familia nyingine hudhani mama amerogwa au ana mkosi.

Mfano: kuanzia kadi hadi sindano

Tuchukue mama wa kundi O hasi, ambaye mumewe ni A chanya. Hii ni mimba yake ya kwanza, na amefika kliniki akiwa na wiki 10. Baada ya kuona alama ya hasi, muuguzi anaomba kipimo cha pili cha kuangalia kama damu yake tayari ina kingamwili dhidi ya D. Hazipo, kwa hiyo bado anaweza kukingwa.

Kinga yenyewe ni sindano iitwayo anti-D, inayochomwa kwenye msuli wa mama, si wa mtoto. Huziondoa seli chache za mtoto kabla mwili wa mama haujazitambua. Mahali inapopatikana kwa utaratibu huo, hutolewa mara ya kwanza mimba ikiwa na wiki 28. Mama huyu anaipata.

Anajifungua Ijumaa saa 4 usiku. Mtoto anachukuliwa damu kutoka kwenye kitovu, na majibu yanaonyesha A chanya. Sasa mama anahitaji sindano nyingine ndani ya saa 72, yaani kabla ya Jumatatu saa 4 usiku. Kama mtoto angekuwa hasi, sindano hii isingehitajika.

Hapa ndipo mambo huharibika. Mama aliyejifungua salama huruhusiwa kurudi nyumbani mapema, pengine Jumamosi jioni. Kama damu ya mtoto haikupimwa, au dawa haipo na duka la dawa limefungwa mwisho wa wiki, saa zinaisha akiwa nyumbani. Kwa hiyo ulizeni mapema, mimba ikiwa na miezi sita au saba: hospitali nitakayojifungulia ina anti-D? Kama haina, tutainunua wapi, na kwa bei gani? Dawa hii huhifadhiwa kwenye jokofu, hivyo isinunuliwe na kuwekwa kabatini.

Saa 72 zikipita, usikate tamaa. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Sindano bado inaweza kusaidia kiasi hadi siku ya 10, ingawa kinga yake ni ndogo zaidi.

Si kujifungua peke yake

Damu ya mtoto inaweza kuingia kwako pia mimba ikiharibika, ikitunga nje ya mfuko wa uzazi, ukitokwa na damu ukeni, au ukianguka au kugongwa tumboni. Likitokea lolote kati ya haya, nenda kituo cha afya na useme mwanzoni kabisa: "Mimi ni Rh hasi." Mtaalamu ataamua kama unahitaji sindano kulingana na umri wa mimba. Hesabu ya saa 72 huanzia siku ya tukio.

Sindano ya mimba moja haikingi mimba inayofuata. Kila mimba huanza upya. Na kama kingamwili zimeshatengenezwa, anti-D haiwezi kuziondoa. Mama wa aina hiyo hufuatiliwa katika hospitali kubwa, na mtoto anaweza kuhitaji kuongezewa damu.

Je, makundi ya A, B na O yanaweza kugongana?

Ndiyo. Mama wa kundi O akizaa mtoto wa A au B, mtoto anaweza kupata manjano, hata akiwa wa kwanza. Mara nyingi si makali, na hutibiwa kwa kuwekwa chini ya taa maalumu ya bluu. Kwa hali hii hakuna sindano ya kinga.

Kwa mtoto yeyote, manjano yanayoonekana ndani ya saa 24 za kwanza ni ya hatari. Mtazame mchana kwenye mwanga wa jua: weupe wa macho, ufizi, viganja na nyayo. Mpeleke hospitali mara moja ukiona umanjano siku hiyo ya kwanza, au wakati wowote mtoto akilala kupita kiasi na kukataa kunyonya. Kumwanika juani hakutoshi.

Baba naye apimwe

Kama wazazi wote wawili ni hasi, watoto wao watakuwa hasi na hatari hii haipo. Kama baba ni chanya, mtoto anaweza kuwa chanya au hasi, kutegemea alichorithi. Hakuna mwenye kosa, wala si sababu ya ndoa kuvunjika. Mnachohitaji ni sindano kwa wakati, na kadi yenye alama ya Rh inayobebwa kila safari ya hospitali.