Shule imefungwa, cheti kimepotea: Mkazi wa Bwiza aliyesoma Tanzania aanzie wapi?

Katika mtaa wa Bwiza, jijini Bujumbura, si ajabu kukutana na watu waliosoma sekondari ng'ambo ya mpaka, mkoani Kigoma na kwingineko Tanzania, kabla ya kurejea Burundi. Baadhi yao wamepoteza vyeti kwa kuhamahama, na wanaporudi kuulizia shuleni hukuta shule yenyewe haipo tena. Wengi hudhani safari imeishia hapo, lakini sivyo.

Kosa la kwanza ni kuchanganya nyaraka mbili. Cheti cha kuhitimu, kinachotiwa saini na mkuu wa shule, huthibitisha tu kwamba mwanafunzi alisoma mahali fulani hadi mwaka fulani. Cheti cha Elimu ya Sekondari, chenye masomo na madaraja, ni mali ya Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, lililoundwa kisheria mwaka 1973. Chuo au mwajiri anapodai "cheti cha kidato cha nne", kwa kawaida anakusudia hiki cha pili, na kumbukumbu zake hazizikwi pamoja na shule.

Tuchukulie mkazi wa Bwiza aliyefanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2011 katika shule ya binafsi ambayo baadaye ilifungwa. Kitu cha kwanza anachohitaji ni namba yake ya mtihani. Namba hiyo ina sehemu tatu: namba ya kituo inayoanza na herufi S kwa watahiniwa wa shule, kisha namba ya mtahiniwa, kisha mwaka. Iwapo ameisahau, njia nyepesi ni kumtafuta mwanafunzi mwenzake aliyemaliza naye, kwa sababu namba ya kituo kwenye cheti cha mwenzake ndiyo ya shule nzima. Baada ya hapo, orodha ya matokeo ya mwaka huo kwenye tovuti ya necta.go.tz, iliyopangwa kwa vituo, itamwezesha kuutambua mstari wake kwa kulinganisha madaraja anayoyakumbuka. Shule iliyofungwa leo bado imo katika orodha ya mwaka iliyokuwa hai.

Mwaka wa mtihani ndio unaoamua atapata nini. Vyeti vya kuanzia 2008 vina picha ya mtahiniwa, na kwa hivyo vinaweza kutolewa cheti mbadala. Aliyefanya mtihani kabla ya hapo hapewi cheti kingine. Hupata uthibitisho wa matokeo, ambao Baraza huutuma moja kwa moja kwa chuo au mwajiri anayeuhitaji. Mtu wa namna hiyo asiombe kabla ya kujua barua iende kwa nani. Tahadhari hiyo ina sababu zake: mwezi Aprili 2017 uhakiki wa serikali ya Tanzania uliwabaini watumishi wa umma 9,932 waliokuwa na vyeti vya kughushi.

Mwombaji wetu wa 2011 atahitaji taarifa ya polisi ya kupotelewa na tangazo la gazetini, kisha atawasilisha maombi kwa Baraza na kulipa ada kwa namba ya malipo atakayopewa. Aliye Bujumbura anaweza kumwomba ndugu aliye Tanzania amlipie, ilimradi namba hiyo inakiliwe bila kukosea tarakimu.

Kikwazo kikubwa kwa Warundi ni majina. Aliyeandikishwa shuleni kwa tahajia ya Kiswahili, kisha akapata kitambulisho cha Burundi chenye jina la Kifaransa, ataonekana kuwa watu wawili. Cheti mbadala hurudia jina lililokuwa kwenye usajili wa mtihani. Si nafasi ya kulirekebisha. Ni busara kuandaa mapema hati ya kiapo inayoeleza kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja.

Ikiwa kinachodaiwa kweli ni cheti cha kuhitimu, Baraza halihusiki. Mahali pa kuulizia ni ofisi ya elimu ya sekondari katika halmashauri ilipokuwa shule, iwe Kasulu, Kibondo au Manispaa ya Kigoma/Ujiji. Asitarajie kuchapiwa cheti kipya chenye saini ya mkuu wa shule asiyekuwepo. Anachoweza kuomba ni barua ya utambulisho inayotaja jina la shule, miaka aliyosoma na ukweli kwamba imefungwa. Nakala ya ripoti ya muhula au hata picha ya darasa humsaidia ofisa kumtambua.

Nyaraka zikishapatikana, anayetaka kuzitumia Burundi hulazimika kuzipeleka katika tume ya wizara ya elimu inayopima ulinganifu wa vyeti vya kigeni, na hapo jina litakaguliwa tena.